Skonzi zikitandaa kama chapati, usikimbilie pauda

Swali: Shikamoo fundi. Naoka skonzi za bekingi pauda za kuuza hapa Ujiji. Zinatandaa, juu zinabaki nyeupe, na siku hizi zina uchungu. Majarini nayeyusha kwanza, donge nalifunika saa moja liumuke, halafu naoka nyuzi 160 zisiungue. Pauda nimefikisha vijiko sita vya chai kwa robo kilo ya unga. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Uchungu huo ni pauda. Rudi kwenye vijiko vitatu vya chai, vinatosha kabisa.

Kila wiki naletewa skonzi za namna hii, na karibu zote zimeharibiwa na mazoea ya hamira. Tumekulia skonzi za dukani, zile za hamira, ambazo donge lake hupenda joto na kungojewa. Hizi zako ni kinyume chake. Pauda huanza kutoa gesi ikishalowana tu, kisha hutoa nyingine ikikutana na moto. Ile saa ya kufunika umeimwaga gesi ya kwanza bure, jikoni, ambako hakuna kinachoikamata.

Sasa majarini. Ukiyeyusha, mafuta yanazama ndani ya unga na hakuna kinachobaki. Yanatakiwa yaingie baridi na magumu, uyasugue na unga kwa ncha za vidole hadi ubaki na vipande kama punje za choroko. Ukiona unga umekuwa laini na unang'aa kwa mafuta, umepitiliza. Vile vipande vikikutana na moto mkali vinayeyuka na kuacha vijishimo, na maji yaliyomo (siagi ina kama asilimia 16) yanageuka mvuke na kusukuma unga juu. Moto wa 160 ni mpole mno. Mafuta yanayeyuka na kutiririka kabla unga haujashikana, na skonzi inalala. Weka 220. Kwa moto huo ukuta unashikana ungali umesimama, na juu panageuka dhahabu ndani ya dakika 12 hadi 15. Weupe wako ni wa oveni, hata ungepaka yai zima.

Najua utaniuliza ubaridi unatoka wapi Kigoma, maana jikoni mkaa ukiwaka siagi inalegea ukiiangalia tu. Kama huna friji, nunua barafu, hata kwa wauza samaki, ila ifunge kwenye mfuko mzima usije ukaoka skonzi za migebuka. Weka bakuli la unga na majarini juu yake nusu saa. Kwa robo kilo tumia gramu 60 za majarini ngumu, ile ya kukatwa kwa kisu. Mawese yetu yaache kwenye maharage, kwa joto hili ni uji. Mimina maziwa baridi kidogo kidogo, kama mililita 130, koroga kwa kisu na uache mara tu unga unaposhikana. Usiukande. Tandaza unene wa sentimita mbili na nusu, kata kwa kukandamiza wima bila kuzungusha kikombe, maana ukizungusha unaziba kingo. Maziwa ya kupaka yasichuruzike pembeni, kwa sababu hiyo hiyo.

Kuungua chini kusikutishe ukapunguza moto. Ukiokea kwenye sufuria ya mkaa, weka makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, au panga trei mbili pamoja. Sufuria iwe imeshapata moto kabla hujaingiza kitu. Mimi natupia kijiko cha unga kwenye trei iliyo ndani: ukigeuka kahawia kwa dakika moja hivi, ingiza. Ukichukua dakika tatu, ongeza makaa.

Ninachokasirikia zaidi ni hawa mafundi wa video wanaosema kila kisichoumuka kiongezewe pauda, na wengine magadi. Magadi pasipo kitu kichachu, kama maziwa mgando, yanakupa harufu ya sabuni na madoa ya kahawia, basi. Nyuma yao wapo wanaopima pauda kwenye vifuko visivyo na jina wala tarehe, wakiiita ya nguvu. Niliwahi kununua kwa mmoja wao ndoo nzima kwa ajili ya harusi, nikatoa trei nne za skonzi bapa kabla sijaipima. Sasa napima dukani, mbele ya muuzaji: nusu kijiko kwenye kikombe cha maji ya moto. Nzima inachemka povu papo hapo hadi juu. Ile yangu ilitoa mapovu matatu ikatuama, chini pakabaki tope jeupe kama wanga.