Kabla hujatuma linki ya kazi zako kwa ajensi ndogo

Mara ya kwanza nilipoomba kazi za dizaini kwa ajensi ya watu wanne hapa Dodoma mjini, nilituma barua pepe yenye linki ya folda ya Google Drive, kisha nikasubiri. Wiki mbili kimya. Nikaamini kazi zangu hazijawavutia, kumbe hakuna aliyeziona. Folda ilikuwa bado kwenye `Restricted`. Mwenye ajensi alipobonyeza, aliletewa ukurasa wa kuomba ruhusa, naye akaomba. Ombi lake likaenda kwenye barua pepe ya zamani niliyofungulia Drive, ambayo sikuwa naifungua. Nilipoliona, kazi aliyokuwa anaitafutia mtu alishampa mwingine.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, shughulikia linki kwanza. Bonyeza `Share`, sehemu ya `General access` chagua `Anyone with the link`, na haki iwe `Viewer`, ili mtu aone bila kubadilisha kitu. Usiipime kwenye simu yako, kwa sababu wewe ni mwenye folda na kwako itafunguka tu. Ifungue kwenye dirisha la `Incognito`, au mwombe jirani aifungue kwa bando lake. Hapo utajua pia kama ni nzito. PDF yangu ilikuwa na MB 38, na mtu aliye kwenye daladala ya kwenda Mtumba hawezi kuisubiri. Nilipunguza picha ikafika MB 6, na kwenye skrini ya simu sikuona tofauti.

Halafu angalia kilichomo. Mimi nilijaza kazi 24, nyingi zikiwa mabango ya filamu niliyoyachora kwa kujifurahisha. Ajensi ndogo za hapa kwetu zinaishi kwa kazi nyingine: ripoti za miradi, vipeperushi, mabango ya warsha, rolapu za maonyesho, yale mabango ya kusimama yanayokunjwa ndani ya kasha lake. Tangu wizara zihamie huku, kazi za aina hiyo ndizo zinazogombaniwa. Mwenye ajensi anataka kujua kama ukipewa kurasa 40 za ripoti zenye majedwali utazimaliza zikiwa safi. Bango la filamu halimjibu swali hilo.

Nikabakiza kazi sita. Ya kwanza nikaweka ripoti ya kikundi cha wakulima wa zabibu, kurasa tatu za ndani zenye jedwali na ramani. Chini ya kila kazi niliandika mistari miwili: mteja alitaka nini, na mimi nilifanya sehemu ipi. Mbili zilikuwa za mazoezi, na nikaandika wazi kwamba ni za mazoezi. Hili nalisisitiza sana. Ukibuni upya nembo ya taasisi kwa kujifunza kisha ukaiacha ionekane kama ulitumwa na taasisi hiyo, mji huu ni mdogo, mwenye ajensi atapiga simu moja tu na atajua.

Ujumbe wenyewe, mara ya pili, ulikuwa huu:

“Habari za asubuhi, mama. Mimi ni dizaina wa grafiki, naishi Area C. Nimeona mabango mliyotengeneza kwa maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Napanga ripoti na kuandaa rolapu hadi faili la kuchapa. Kazi sita ziko hapa, PDF ya MB 6. Mkizidiwa kabla ya Juni 30, naweza kuchukua kazi kwa malipo ya kila kazi. Namba yangu ni hii.”

Hiyo Juni 30 niliitaja kwa makusudi. Ndiyo siku mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa, na Mei na Juni ajensi nyingi huelemewa. Ujumbe huo niliutuma katikati ya Aprili, asubuhi ya Jumanne. Baada ya siku sita za kazi nilikumbushia mara moja kwa sentensi mbili, basi.

Akajibu. Hakusifu wala kukosoa potfolio, aliomba faili la rolapu mojawapo lililo tayari kuchapwa. Nililipitia kabla ya kutuma: sentimita 85 kwa 200, rangi ziko CMYK, herufi zote zimepitishwa kwenye `Create Outlines` ili zisibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji. Kumbe yeye aliangalia chini kabisa. Sehemu ya chini ya rolapu huingia ndani ya kasha, na vijana wengi huweka namba ya simu ya mteja hapo hapo ikamezwa. Mimi nilikuwa nimeacha sentimita 15 za rangi tupu. Siku hiyo hiyo jioni akanitumia vipimo vya rolapu tatu na kuniuliza bei.