Bidhaa iliyokaa mpakani: unapopanga bidhaa katika makundi A, B na C

Ukipewa kazi ya kupanga bidhaa kwa mauzo, maelekezo yatakuja mafupi: anza na inayouza zaidi, jumlisha ukishuka, na kila zinazofikisha asilimia 80 ya mauzo ziite A, hadi 95 ziite B, zilizobaki C. Hayo yanaeleweka. Yasiyosemwa ni bidhaa inayovuka mstari iwekwe upande gani, na hapo ndipo mimi nilipokosea mwanzoni.

Chukua bidhaa kumi zenye mauzo ya mwaka 420, 250, 120, 80, 50, 30, 20, 15, 10 na 5. Jumla ni 1,000. Tatu za kwanza zinafika asilimia 79, na ya nne inapanda hadi 87. Je, hiyo ya nne ni A au B? Wengi huandika sharti la "isizidi 80", basi inakuwa B. Kwa orodha hii hakuna atakayelalamika.

Nilitumia sharti hilohilo kwenye aina ndogo ya bidhaa, ambamo moja peke yake ilibeba asilimia 85 ya mauzo. Kwa kuwa 85 imezidi 80, fomula iliipa B. Kundi A likabaki tupu, nami sikutazama. Bidhaa za B tulikuwa tukizihesabu ghalani kila baada ya miezi mitatu, za A kila wiki. Ile iliyobeba mauzo karibu yote ikaisha bila mtu kujua, na wateja wakaondoka mikono mitupu. Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma orodha yoyote natazama mstari wa kwanza. Usipoanza na A, sharti lina kasoro.

Dawa yake ni kuuliza swali kwa namna nyingine: kabla ya kuifikia bidhaa hii, tulikuwa tumeshakusanya asilimia ngapi? Bidhaa ya kwanza daima huanzia sifuri, kwa hiyo haiwezi kukosa A. Ya nne katika mfano wetu inaanzia 79, nayo inaingia A, maana bila yake hatujafika 80. Ya tano na ya sita zinaanzia 87 na 92, ni B. Ya saba inaanzia 95 kamili, ni C.

Kwenye lahajedwali, mauzo yakiwa safu B, andika hivi katika C2 na D2, kisha nakili hadi chini:

```
=SUMIF(B$2:B$11,">"&B2)/SUMIF(B$2:B$11,">0")
=IF(C2<0.8,"A",IF(C2<0.95,"B","C"))
```

Fomula ya kwanza inajumlisha mauzo ya bidhaa zote zinazoizidi hii, halafu inagawa kwa jumla. Naipenda kuliko ile ya kujumlisha mstari kwa mstari, `SUM(B$2:B2)`, kwa sababu haitegemei mpangilio. Ile nyingine, mtu akiipanga upya orodha kwa alfabeti ili aisome kwa urahisi, hesabu inabadilika kimyakimya na makundi yanavurugika. Tena bidhaa mbili zenye mauzo sawa hupata kundi moja, badala ya moja kuwa A na pacha wake B eti kwa sababu jina lake limekuja nyuma.

Ile `">0"` nayo ina kazi. Bidhaa ambayo wateja wameirudisha kuliko walivyoinunua ina mauzo hasi. Ukiiacha ipunguze jumla kuu, asilimia za wengine zinavimba, na utaona safu C ikipita 1. Ukiona namba ya hivyo, tafuta marejesho.

Fomula haiwezi kujua umri wa bidhaa, kwa hiyo hilo lishike mwenyewe. Rudi kwa ile ya saba, yenye mauzo 20, iliyoangukia C. Kama iko sokoni mwaka mzima, hapo ndipo pake. Lakini ikiwa iliingia mwezi uliopita, basi imeuza 20 kwa mwezi mmoja, wakati ile ya pili, yenye 250 kwa mwaka, inauza karibu 21 kwa mwezi. Zinakwenda mwendo mmoja, ila orodha inaiita mkia. Mimi naongeza safu ya tarehe ya mauzo ya kwanza, na kila bidhaa isiyotimiza miezi mitatu naiandika "mpya" badala ya herufi. Anayeagiza mzigo akiona neno hilo huja kuniuliza. Angeona C, angeiacha iishe.