Sarafu zimekwenda mfuko wa nani? Amri za konsoli ndani ya Skyrim

Swali: Fundi, shikamoo. Nacheza Skyrim Special Edition kwenye kompyuta, niko Tandika. Konsoli inafunguka, lakini nikiandika `additem gold 5000` inakataa. Rafiki akanipa `additem f 5000`, ikakubali kimya kimya ila sarafu sijaziona. Nataka nunua nyumba Whiterun. Pia nifanyeje usiku uwe mchana, na nijitoe pale nilipokwama kwenye mwamba?

Jibu: Marahaba. Sarafu zako hazijapotea, kuna mtu anazo mfukoni mwake. Konsoli ikiwa wazi, kila unachokibofya kwa kipanya kinachaguliwa, na namba yake inatokea juu katikati ya skrini. Amri isiyotaja mhusika inakwenda kwa huyo aliyechaguliwa. Bila shaka ulimbofya mlinzi aliyekuwa mbele yako ukamtajirisha. Mbofye tena, andika `openactorcontainer 1`, funga konsoli, utaona mzigo wake wote na elfu tano zako zimo. Zichukue.

Kuanzia sasa taja mhusika mwenyewe:

```
player.additem f 5000
```

Hapo `player` ni wewe, hata kama umembofya kuku. `f` ni namba ya dhahabu. Kwa ukamilifu ni `0000000F`, sifuri za mbele unaweza kuziacha. Ndiyo maana neno "gold" lilikataliwa: amri hii inataka namba ya kitu, jina hailitambui. Usiyoijua namba yake itafute humo humo:

```
help "stalhrim" 4
```

Orodha ikiwa ndefu, panda na kushuka kwa Page Up na Page Down. Silaha zimeandikwa `WEAP`, mavazi ya vita `ARMO`. Napendelea njia hii kuliko kunakili namba za mtandaoni, kwa sababu tarakimu mbili za mwanzo zinafuata mpangilio wa mafaili kwenye gemu yako. Vitu vya Dragonborn kwa kawaida vinaanza na `04`, lakini mwenye mpangilio tofauti anaweza kuwa na nyingine, na hapo namba ya mwenzako haitakufaa.

Kuhusu nyumba: Breezehome inauzwa 5,000, na muuzaji ni Proventus Avenicci pale Dragonsreach. Konsoli inakupa pesa tu, haisogezi hadithi. Kama bado hujafika mahali ambapo Jarl anakuruhusu kununua, Proventus hatalitaja hilo suala hata ukiwa na milioni. Usiingie tamaa ya kuisukuma misheni kwa `setstage`. Unaruka hatua ambazo gemu ilikuwa iziandike njiani, na hitilafu yake unaweza kuigundua baada ya wiki nzima ya kucheza, wakati sevu nzuri umeshaifuta.

Mchana unauleta hivi, bila `player`, maana saa ni ya dunia nzima:

```
set gamehour to 8
```

Ila ujue umegeuza saa tu, siku haijasonga. Ikiwa ni saa mbili usiku, yaani 20 kwa saa za gemu, ukaweka 8, umerudi asubuhi ya siku ile ile. Kama ulitaka duka lipate bidhaa mpya, hiyo haisaidii; bonyeza T usubiri kama kawaida. Usiku ukikuudhi kwa kuja haraka, tazama `timescale`. Kiwango chake cha kawaida ni 20, kwa hiyo siku nzima ya gemu inaisha kwa dakika 72 zetu. Ukiandika `set timescale to 10` inakuwa dakika 144. Usiishushe sana wala kuipandisha mno, ratiba za wakazi zinaweza kuvurugika.

Kwenye mwamba, usikimbilie kuhama mji. Andika `tcl`, funga konsoli, tembea moja kwa moja kupita ndani ya jiwe mpaka uwe sehemu ya wazi, kisha andika `tcl` tena. Ukisahau hiyo ya pili utaendelea kupita kwenye kuta na kuelea hewani. Ikishindikana ndipo utumie:

```
coc Riverwood
```

Majina ya mahali huandikwa bila nafasi. Ndani ya kasri la Whiterun ni `coc WhiterunDragonsreach`. Tatizo la `coc` ni kwamba inakurusha juu ya milango na njia zinazoamsha matukio. Ndani ya pango lenye misheni, au mtu akiwa anakuongelesha kwa lazima, usiitumie. Na usiiandike kwenye menyu ya mwanzo ukidhani umepata njia ya mkato: utapewa mhusika asiye na chochote wala hadithi iliyoanza.

Kabla ya yote haya, sevu kwa menyu kwenye nafasi mpya, usitegemee F5 peke yake, kwani sevu ya haraka inayofuata itaifuta ile ya kwanza. Ukishapata zile sarafu kwa mlinzi, sevu tena, halafu ndiyo uende kwa Proventus.