PFK na ATP: majibu kwa maswali manne

Fosfofruktokinesi, yaani PFK, kimeng'enya cha glikolisisi, njia inayovunja glukozi, inatumia ATP kufanya kazi yake. Sasa ATP hiyohiyo inaizuiaje?

Kwa sababu inashika mahali pawili tofauti. PFK ya wanyama ni protini ya vipande vinne vilivyoungana. Kila kipande kina eneo tendaji, ambapo ATP huiachia fruktozi-6-fosfati kundi moja la fosfati ili ipatikane fruktozi-1,6-bisfosfati. Mbali kidogo na hapo kuna kishimo kingine cha ATP ambacho hakifanyi mmenyuko wowote: ni cha udhibiti tu, yaani cha kialosteriki.

Tofauti iko kwenye nguvu ya mshiko. Eneo tendaji huinasa ATP hata ikiwa kidogo, ilhali kishimo cha udhibiti hujaa ATP inapokuwa nyingi. Kikijaa, kimeng'enya hukaa katika umbo linaloshika fruktozi-6-fosfati kwa shida. Ukichora kasi dhidi ya ukolezi wa fruktozi-6-fosfati, mchoro unaacha kupanda haraka tangu mwanzo na kuchukua umbo la S, tena unasogea kulia. Kasi ya juu kabisa haiguswi sana. Ongeza fruktozi-6-fosfati ya kutosha na utaikaribia. Hapo ndipo wengi huandika kwenye mtihani kwamba ATP inashindana na fruktozi-6-fosfati. Haishindani nayo, maana haikalii kiti chake.

Nasoma kwamba ATP ya msuli haishuki sana hata mtu akitimua mbio. PFK inajuaje basi kwamba nishati inatakiwa?

Inasoma AMP, yaani ile iliyobaki na kundi moja tu la fosfati, ilhali ADP ina mawili na ATP ina matatu. Ndani ya seli, kimeng'enya adenileti kinesi huchukua ADP mbili na kutengeneza ATP moja na AMP moja, na mmenyuko huo huenda pande zote mbili. Tuseme kigezo chake cha msawazo ni takriban 1, na jumla ya ATP, ADP na AMP ni milimola 5. Msuli ukiwa umetulia, weka ATP 4.8. Hesabu inatoa ADP karibu 0.19 na AMP karibu 0.008.

Sasa punguza ATP kwa asilimia 10 tu, iwe 4.32. ADP inapanda hadi 0.60, kama mara tatu. AMP inafika 0.083, yaani zaidi ya mara kumi. Mshuko ambao ungepita bila kuonekana kwenye ATP umekuwa kishindo kwenye AMP. AMP hujishikiza kwenye PFK na kukiondoa kizuizi kile cha ATP, kisha glikolisisi inafunguka. Ndiyo maana kuangalia ATP peke yake hakuelezi kitu. Kinachotawala ni uwiano wake na AMP.

Kwa nini breki isiwekwe kwenye heksokinesi, kimeng'enya cha hatua ya kwanza kabisa ya glikolisisi?

Glukozi-6-fosfati inayotoka pale bado ina njia nyingine: glaikojeni, au njia ya pentozi. Kuifungia mlangoni kungezifunga na hizo. Hata hivyo heksokinesi ya msuli haiachwi huru: PFK ikizimwa, fruktozi-6-fosfati hulundikana, hugeuka kurudi kuwa glukozi-6-fosfati, na hiyo huizuia heksokinesi. Kwenye ini mambo ni tofauti, kwani kimeng'enya chake cha hatua hiyo, glukokinesi, hakizuiwi na glukozi-6-fosfati.

Tulipima PFK ya msuli kwa NADH kwenye nanomita 340. Tuliongeza ATP hadi milimola 5 na kasi haikushuka. Tatizo nini?

Anzeni na pH. Kwenye pH ya 8 na kuendelea, PFK ya msuli hupoteza sehemu kubwa ya usikivu wake kwa ATP. Rudieni karibu na 7. Pili, fruktozi-6-fosfati ikiwa nyingi huficha kizuizi kabisa, kwa sababu niliyoieleza kwenye swali la kwanza. Tatu, na hili husahaulika: aldolasi na vimeng'enya vingine vya kusaidia kipimo mara nyingi huuzwa vikiwa kwenye amonia salfeti, na ioni za amonia na za salfeti zenyewe huiamsha PFK. Viondoeni chumvi hiyo kwa dayalisisi kabla ya kuvitumia.

Mkishaona kasi inashuka, msishangilie mapema. ATP hushika magnesiamu, na eneo tendaji linataka ATP iliyokwisha kuungana na magnesiamu, kwa hiyo kasi inaweza kushuka kwa uhaba wa magnesiamu tu. Hakikisheni ukolezi wa magnesiamu unazidi ule wa ATP katika kila kipimo, kisha ongezeni AMP kidogo. Kasi ikirudi, mmeona udhibiti wa kialosteriki. Isiporudi, kagueni tena magnesiamu.