Mtoto Ana Penta 2 Lakini Penta 1 Haionekani: Yaliyonikuta na Aplikesheni ya Hospitali

Juzi mama mmoja wa Mbagala ameniandikia: aplikesheni inasema mwanawe hajapata chanjo za mwanzo, na yeye anakumbuka kabisa alimpeleka. Dada yangu, nimesoma ujumbe wako nikarudi pale pale nilipofedheheshwa.

Mwanangu alikuwa amefikisha miezi 9, tunakwenda kuchoma surua. Miadi nilishaweka kwa simu, nikaona kadi ya kliniki ya nini tena, nikaiacha nyumbani Tabata. Nesi akafungua kompyuta, akasema kwa sauti mbele ya foleni nzima: "Mama, huyu hana BCG, hana Penta ya kwanza. Ulikuwa wapi?" Mimi niliyeamka alfajiri kila tarehe ya kliniki! Bado inaniuma.

Nilirudi nyumbani kwa daladala, nikachukua kadi, nikaenda kwa mhudumu wa kumbukumbu. Tulipopekua tukaona mwanangu ana mafaili mawili. Alipozaliwa hakuwa na jina, tulikuwa tunamsubiri babu yake, kwa hiyo aliandikwa "Mtoto wa" kisha jina langu, kwa namba yangu ya simu. BCG na matone ya kwanza ya polio ya siku aliyozaliwa, pamoja na chanjo za wiki 6, Penta 1 ikiwemo, zote zikaingia humo. Kabla ya wiki ya 10 baba yake akamsajili upya kwenye aplikesheni kwa jina lake kamili na namba ya baba. Za wiki 10 na 14, yaani Penta 2 na 3, zikaenda faili jipya.

Ndiyo maana nakwambia uangalie namba za dozi. Rekodi inayoanzia Penta 2 ni dalili kwamba huenda kuna faili jingine mahali, kwa sababu aliyeandika 2 huenda aliiona 1 kwenye kadi siku ile. Kovu la BCG begani nalo linasaidia, ingawa watoto wengine huchanjwa na kovu lisitokee.

Usikubali mtoto aanzishwe upya kabla kadi haijaonekana. Hata kama dozi imechelewa kweli, Penta huendelezwa ilipoishia. Nenda na kadi, cheti cha kuzaliwa na namba zote mbili za simu, uombe mafaili yaunganishwe. Usifungue akaunti mpya, utazalisha faili la tatu. Kuunganisha ya mwanangu kulichukua siku 4, lakini surua alichomwa siku ile ile niliyorudi na kadi, kwa ushahidi wa kadi hiyo.

Ukiweka miadi, chagua kwanza jina la mtoto ndipo uchague kliniki. Ukibaki kwenye jina lako, miadi inakuwa yako, na hata akipimwa damu majibu yataingia kwako.

Surua ya pili ni miezi 18. Miadi nimeshaweka kwa jina lake, na kadi safari hii iko kwenye mkoba wa nepi.