Kufupisha mwongozo wa kuhara kwa watoto

“Mwongozo wa kuhara kwa watoto ni mrefu mno, nani ataufungua usiku wodini? Nitaufupishaje ubaki ukurasa mmoja?”

Chukua tu sehemu ambazo mtabibu lazima aamue, uzichore kama mchoro wa visanduku na mishale. Ushahidi na maelezo ya chanzo cha ugonjwa yabaki kwenye mwongozo. Kila uamuzi uwe swali la ndiyo au hapana, na kila mshale uishie kwenye tendo lenye kipimo. “Mpe maji ya kutosha” haimsaidii mtu. Andika: upungufu mkali wa maji, umri chini ya miezi 12, dripu ya Ringa 30 ml/kg kwa saa 1, kisha 70 ml/kg kwa saa 5. Chini yake weka jedwali la uzito lenye hesabu tayari: kilo 8, 240 ml, kisha 560 ml. Saa nane usiku hakuna anayependa kuzidisha.

Kinachoharibu kurasa hizi ni tahadhari kufichwa kwenye tanbihi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hafuati njia hiyo, kwani maji mengi ya haraka yanaweza kuulemea moyo wake. Swali la utapiamlo likae kisanduku cha kwanza kabisa.

Kisha mpe mwenzako asiyeusoma mwongozo mgonjwa wa kubuni. Akisita popote, mshale huo haujakamilika.