Biashara ya dagaa niliyoichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji

Kwa miaka 4 nililinda ghala la vifaa vya ujenzi lililo kwenye mteremko juu ya mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Zamu yangu ilianza saa 12 jioni na kuisha saa 12 asubuhi, na kila nusu saa nilizunguka ghala zima nikiwa na tochi, nikikagua kufuli na ukuta wa nyuma. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine nilikaa lindoni nikitazama ziwa, na ilipofika saa 7 usiku hapakuwa na gari wala mpita njia hadi karibu na alfajiri. Ni katika saa hizo nilipoanza kuchora biashara ya kukausha dagaa na kuwauza Tabora. Naandika haya kwa ajili ya walinzi wenzangu, na kwa yeyote anayetaka kuingia katika dagaa kwa mtaji mdogo, kwa sababu hesabu yangu ya kwanza ilikuwa na makosa ambayo yangenimaliza kama ningeifuata.

Karatasi nilizipata palepale. Mfuko wa saruji una zaidi ya tabaka moja la karatasi, na mfuko ukipasuka tabaka moja hubaki safi, pana, la rangi ya kahawia. Nilimwomba ruhusa mtunza ghala, akanikubalia nichukue ile iliyokuwa ikisubiri kuchomwa. Ukikung'uta vumbi vizuri unapata karatasi kubwa kuliko daftari lolote, na ukubwa huo ulinisaidia, kwani niliweza kuchora chanja nzima upande mmoja na kuweka hesabu zake upande wa pili.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na mchoro wa chanja yenye urefu wa kiuno, miguu ya miti, waya juu yake na wavu mwembamba juu ya waya. Nilichagua chanja kwa sababu dagaa wanaoanikwa chini hubeba mchanga, na dada yangu anayeishi Tabora alikuwa akilalamika kwamba huwaosha mara 4 na bado wanasaga menoni. Chini ya mchoro niliandika kwamba kila siku nitanunua kilo 40 za dagaa wabichi kwa shilingi 2,500 kwa kilo, nitapata kilo 20 za wakavu, nitawauza kwa shilingi 9,000 kwa kilo, na nitafanya hivyo siku 30 za mwezi. Faida ilitoka zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwezi, wakati mshahara wangu ulikuwa 180,000. Nilikaa na karatasi ile wiki nzima nikiamini kwamba mwisho wa mwezi nitaaga.

Aliyenizuia ni mama mmoja ambaye ameanika dagaa Kibirizi tangu ujana wake. Nilimwonyesha karatasi asubuhi moja nilipotoka zamu, naye hakuangalia faida, aliweka kidole kwenye kilo 20. "Mwanangu," aliniambia, "dagaa mbichi ni maji. Hapa umenunua maji ukayahesabu kuwa ni dagaa." Nilimwuliza yeye hupata ngapi, akasema hapimi kwa kilo, anapima kwa macho, lakini kwamba nusu haijawahi kutokea.

Basi nilinunua kilo 10 tu, nikaziweka kwenye chanja ndogo nyuma ya chumba changu, nikazipima tena zilipokauka. Zilikuwa kilo 2.8. Nilirudia mara 2 zaidi na jibu halikuvuka kilo 3. Hapo nilielewa kwamba kilo 40 hazitanipa 20, zitanipa kama 11. Ukichukua shilingi 100,000 za kununulia, 3,000 za kubebea, 6,000 za anayeanika na kugeuza, na 3,000 za mifuko, unapata 112,000, na ukizigawanya kwa kilo 11 kila kilo imekugharimu shilingi 10,200 hivi kabla haijatoka Kigoma. Mimi nilikuwa nimepanga kuuza kwa 9,000. Kadiri ambavyo ningeuza zaidi ndivyo ambavyo ningepoteza zaidi, na kwa sababu fedha ingekuwa inapita mikononi kila siku, nisingegundua mapema.

Kipimo hicho ni lazima ukifanye mwenyewe, na ukifanye kwa dagaa waliokauka kweli. Mchuuzi mwenye haraka huwafungasha wakiwa bado na unyevu ndani, uzito unampendeza, kisha baada ya siku chache mfuko unatoa harufu na dagaa wanaota ukungu. Namna ya kutambua ni rahisi: mkunje dagaa mmoja mnene kuliko wenzake, siyo mwembamba. Akivunjika kwa mlio amekauka, akijikunja kama mpira bado. Halafu usifungashe wakiwa na joto la jua. Wapeleke kivulini wapoe kabisa, kwa maana wakifungwa na joto mfuko hutoa jasho kwa ndani, na matone yale machache yanatosha kuharibu kazi ya siku 2. Nilipoteza mifuko 15 kwa kosa hilo moja.

Kosa la pili sikulipata mwaloni, nililiona kutoka lindoni, na nadhani mlinzi ndiye mtu anayefaa kuliona. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za sola na betri, na mwanga wake huwakusanya dagaa juu ya wavu. Usiku wa giza ziwa lote mbele ya Kibirizi huonekana kama mji. Lakini kuna usiku ambao nilikuwa nikitazama na kuona maji meupe ya mbalamwezi bila taa hata moja, na kwa muda mrefu sikujiuliza maana yake kwangu. Mwezi ukiwa mpevu huchomoza jua linapotua na kukaa angani hadi alfajiri, taa ya mvuvi haina nguvu mbele yake, dagaa hutawanyika, na wavuvi hupumzika au kutengeneza nyavu.

Nilianza karatasi mpya ambayo haikuwa na shilingi hata moja. Niliandika tarehe, na pembeni nikaweka alama: taa nyingi, taa chache, au hakuna. Mwezi ule wa Machi, katika usiku 29 niliouhesabu, usiku 9 haukuwa na taa. Nikaongeza safu nyingine ya mchana uliofuata, ambayo niliijaza jioni nilipoamka, nikiandika kama kulikuwa na jua la kuanikia au mvua. Katika siku 20 zilizobaki, siku 7 ziliharibika kwa mvua au mawingu mazito. Dagaa walioloweshwa au kukaa siku 3 bila jua hugeuka njano, kisha kahawia, na mafuta yake huanza kuwasha koo, kwa hiyo bei yake si ileile. Siku 30 zangu zilikuwa 13.

Nilirudia hesabu yote kwa siku 13 na kilo 11. Niliachana na kuuza kwa kilo, nikachagua mifuko ya robo kilo, kwa sababu mama wa Tabora anayenunua mboga ya siku moja hana sababu ya kununua kilo nzima. Duka lingeuza mfuko kwa 3,500 na kunilipa 3,000, maana yake shilingi 12,000 kwa kilo. Nikitoa gharama ile ya 10,200 na shilingi 500 za usafiri kwa kila kilo, nilibaki na 1,300. Kwa kilo 143 za mwezi wa mvua ni kama 186,000, na kodi ya kiwanja cha chanja ilikuwa 40,000. Nilichobaki nacho kilikuwa chini ya mshahara wangu wa ulinzi. Kwa mwezi wa kiangazi wenye siku 20 za kazi kilifika kama 246,000, ambacho kinazidi mshahara, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mtu mwenye watoto aache kazi kwa pupa.

Kwa hiyo sikuacha. Nilianza Juni 2023, kiangazi kikiwa kimeshika, nikiwa bado mlinzi. Nilipotoka zamu saa 12 asubuhi vyombo vilikuwa vinaingia, nikanunua, nikamwachia dada mmoja kazi ya kuanika na kugeuza, nikaenda kulala hadi saa 8 mchana. Niseme wazi kwamba ratiba hiyo inachosha, na miezi 2 ya kwanza niligundua kwamba nasinzia lindoni, jambo ambalo ni hatari kwa mali ya mwajiri na kwa maisha yangu. Nililipunguza kwa kununua siku 3 tu za wiki, hata pale dagaa walipokuwa wa kutosha. Mwajiri alijua ninachofanya, kwa sababu nilimweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna karatasi yangu iliyokuwa nalo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi huo, kwani wazee wa mwaloni wenyewe walikuwa wakisema kwamba mavuno yanapungua. Lakini tazama tarehe hizo: Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya jua lisilo na mvua hapa Kigoma, ile niliyoitegemea kufidia upungufu wa Machi. Niliyeanika kwa hesabu ya kiangazi nilipoteza kiangazi chenyewe.

Kilichoniokoa ni kwamba tangazo lilitoka mapema, na kwamba bado nilikuwa na mshahara. Aprili yote nilikausha kila siku iliyokuwa na jua, nikahifadhi kilo 90 kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana, zikiwa zimeinuliwa juu ya mbao mbali na sakafu ya saruji ambayo hutoa unyevu, na kila Jumapili nilifungua ndoo moja na kumkunja dagaa mmoja. Dagaa wa ndoo 2 walianza kulegea, nikawarudisha juani nusu siku. Juni bei Tabora ilipanda, na mfuko wa robo niliuuza kwa 4,000.

Leo silindi tena, lakini karatasi za saruji ninazo, zimefungwa kwa kamba chini ya kitanda. Ile ya sasa ina safu 4: taa, jua, kilo zilizotoka, na miezi ambayo ziwa halivuliwi. Kijana aliyechukua lindo langu huijaza safu ya kwanza kwa niaba yangu, kila usiku anapomaliza mzunguko wa saa 8, naye ameanza kuchora chanja yake upande wa nyuma.